Nina bando la dakika zisizo na kikomo, mbona nimekatwa pauni 15?

Swali: Mtaalamu, naishi Leicester. Bando langu la simu lina dakika zisizo na kikomo. Nilipiga namba ya 0844 ya duka kuulizia friji niliyonunua ikaharibika, nikakaa hewani dakika 25. Bili imekuja na pauni 15.50 za ziada. Hizi namba za Uingereza zinatofautianaje?

Jibu: Dada, pole. Kwa kawaida bando halifiki kwenye namba za 084 na 087. Hizo ndizo namba za kuchangia gharama, na kila dakika ina malipo mawili. La kwanza ni ada ya huduma, anayoipanga mwenye namba na mara nyingi anapata fungu humo. Kwa 084 haizidi peni 7. La pili ni ada ya kampuni yako ya simu, na hilo ndilo linaloumiza. Kwa hesabu yako, 15.50 kwa dakika 25 ni peni 62 kila dakika. Kama duka linatoza 7, basi 55 zimekwenda kwa kampuni yako. Fungua bei za mkataba wako utafute mstari wa `access charge`, utaikuta.

Na saa inaanza kuhesabu pale mashine inapopokea na kukwambia bonyeza 1 au 2. Muziki wote uliosikiliza ukimsubiri mhudumu umeulipia.

Namba za 01 na 02 ni za mezani, kama 0116 ya hapo kwenu Leicester. Za 07 ni za mkononi, ila 070 jihadhari nayo: inafanana na ya mkononi, lakini si ya mkononi na bando huenda lisiihusu. Za 03 hutozwa sawasawa na za 01 na lazima ziingie kwenye bando. Mamlaka ya kodi, HMRC, hutumia 0300. Za 0800 na 0808 analipa anayepigiwa. Zamani ukizipiga kwa simu ya mkononi ulikatwa, lakini tangu tarehe 1 Julai 2015 ni bure kwa simu zote za humu nchini. Ndugu akiwa Dar akipiga 0800 ya Uingereza, mara nyingi haiunganishi, na ikiunganisha anaweza kukatwa kama simu ya nje. Mpe ya 01 au 02, aondoe sifuri ya mwanzo na kuanza na +44.

Sasa hela yako. Tangu tarehe 13 Juni 2014, duka likiweka namba ya kuhudumia mteja aliyekwisha kununua, haliruhusiwi kumtoza zaidi ya bei ya kawaida ya simu. Likizidisha, linapaswa kumrudishia kilichozidi. Kama hiyo 0844 ndiyo waliyokupa kwa matatizo ya friji, waandikie barua pepe, ambatanisha ukurasa wa bili wenye simu hiyo na risiti ya friji, udai pauni 15.50. Papo hapo waombe namba ya 01, 02 au 03, maana friji bado haijatengenezwa na utawapigia tena.