Masters ipi kwa mchunguzi wa milipuko ya magonjwa?

"Nina digrii ya afya ya mazingira, niko halmashauri huku Kondoa. Nikitaka kuchunguza milipuko, nisome masters gani?"

Mdogo wangu, anza na kozi ya miezi mitatu ya epidemiolojia ya uwandani. Unasoma ukiwa kazini. Kisha omba uzamili wa miaka miwili wa epidemiolojia tumizi pale Muhimbili, ambako muda mwingi unakuwa uwandani. Ningeichagua hiyo kuliko masters ya darasani tupu.

Mwaka 2016, hapa Dodoma na Manyara, watu waliugua macho ya manjano na matumbo kujaa. Wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa na majirani wazima, wakapima mahindi ya nyumbani, wakakuta chanzo ni sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka. Ulinganisho huo ni takwimu, zinazowakwamisha wengi, zisome mapema.