Bibi, Mjukuu na Kengele ya Alfajiri

"Katika hadithi yangu fupi, mjukuu anamfundisha bibi yake mjane kuongea na simu. Nitumie kikwazo gani kinachoaminika?"

Ndugu, tumia saa. Bibi anayetaka kuamshwa kwa sala ya alfajiri atasema saa kumi na moja, lakini msaidizi wa sauti anayehesabu saa kwa mtindo wa Kiingereza ataweka kengele ya 11:00, nayo haitalia hadi jua limeshapanda. Mjukuu amwonyeshe tarakimu hizo kwenye kioo cha simu, kisha amfundishe kupunguza sita, ili kumi na moja iwe 5:00. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akimwamsha kila siku. Jambo hilo ningelitaja mara moja tu, mjukuu akiwa hayupo.