Saa ya kutua Guangzhou kupitia Dubai

"Mdogo wangu katoka hapa Kigoma, anaruka Dar 17:00 kwenda Guangzhou, Dubai anasubiri saa nne. Atatua saa ngapi za kule?"

Ndugu, saa ya Dubai iache kabisa. Wengi huijumlisha nayo, jibu likazidi kwa saa moja. Piga hesabu yote kwa saa zetu. Dar hadi Dubai tuseme saa 5 na nusu, kusubiri 4, kisha Guangzhou saa 7 na nusu: jumla 17. Ukianzia 17:00 unapata 34:00. Toa 24, ni 10:00 kesho yake, huku Kigoma saa nne asubuhi. China iko mbele yetu saa 5, mwaka mzima. Anatua 15:00, yaani saa tisa alasiri. Muda halisi wa angani usome kwenye tiketi, maana kwenda na kurudi haulingani.