Karani wa Kituo cha Viza Akisema "Ziko Sawa"

Msomaji mmoja mwenye duka la vipuri Kariakoo ametuandikia kwa uchungu: "Kaka, karani wa kituo alipitia karatasi zangu moja moja, akaniambia ziko sawa. Ubalozi umeninyima. Hela yangu nadai wapi?"

Hudai popote, ndugu. Kituo cha maombi ya viza ni kampuni binafsi iliyopewa kazi na ubalozi: kupanga miadi, kupokea fomu na ada, kuchukua picha na alama za vidole, kupeleka bahasha na kurudisha pasi. Ni konda, nauli anapokea yeye, usukani hashiki. Kwa viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, sheria ya nchi hizo inasema wazi kwamba kuchunguza maombi, kuhoji, kuamua na kubandika stika ni kazi ya ubalozi au mamlaka za nchi yake tu. Karani hana hata ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa taarifa za viza.

Ada ndiyo inayowachanganya wengi. Tangu Juni 2024 viza ya muda mfupi ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya miaka 6 ni bure. Hiyo ni ya ubalozi. Juu yake kituo kinatoza ada ya huduma, ambayo kwa kawaida haitakiwi kuzidi nusu ya ada ya viza, yaani euro 45. Kwa hiyo mtu mzima ajiandae kwa hadi 135, na mtoto mchanga ambaye viza yake ni bure bado anaweza kutozwa ya huduma. Ujumbe wa simu, kuletewa pasi nyumbani, chumba cha kusubiria chenye kiyoyozi: hivyo ni vya hiari, na havisogezi faili lako hata hatua moja mbele. Ukinyimwa, hakuna kinachorudi. Ada ya viza hurudishwa pale ubalozi unapoona maombi hayapokeleki, kwa mfano pasi yako haina sifa, hivyo hawayachunguzi kabisa.

Ukiomba ubalozini moja kwa moja, pale ubalozi unapopokea watu wenyewe, ada ya huduma haipo. Lakini tofauti kubwa si hela. Ubalozi wa Marekani pale Msasani, kwa mfano, unakuhoji dirishani: afisa akitilia shaka jambo, anakuuliza, unajibu. Kituoni hakuna wa kumjibu. Karani ana orodha mkononi, anaweka alama karatasi ipo au haipo. Afisa atakayeamua anaweza kukuita kwa mahojiano, ila wengi hawaitwi. Karatasi ndizo zinazokusemea.

Sasa tuangalie faili la mwenzetu. Taarifa yake ya benki ilionyesha salio la kama milioni 2 miezi yote, kisha wiki 2 kabla ya kuomba ikaingia milioni 18 kwa mkupuo. Kwenye orodha ya karani: taarifa ya benki, ipo. Sawa kabisa. Kwa afisa hilo ni swali: hela ya nani hii? Imeazimwa ili ionekane? Swali halikupata jibu, na fomu ya kunyimwa ikaja na alama mbili: uwezo wa kujikimu haujathibitishwa, na kuna shaka kama atarudi. Hela yenyewe ilikuwa ya kuuza gari. Mkataba wa mauziano ulikuwa nyumbani, kabatini, kwa sababu orodha haikuutaja!

Rufaa haipelekwi kituoni. Fomu ya kunyimwa inataja pa kukatia na muda wake, kwa sheria ya nchi iliyokunyima. Kwa kesi kama hii naona kuomba upya kuna tija zaidi, ingawa ada zote zinalipwa tena. Alama za vidole kwa kawaida hutumika tena ndani ya miezi 59. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, na unaweza kusogezwa hadi 45, kwa hiyo usinunue tiketi isiyorudishwa. Na miadi usinunue kwa kishoka.

Safari hii aandike barua ya ukurasa mmoja: tarehe ya milioni 18, gari lililouzwa, aliyelinunua. Aambatanishe nakala ya mkataba, usajili wa jina la biashara wa BRELA, leseni na karatasi za TRA, zionekane biashara inayomsubiri. Karani akisema barua hiyo haimo kwenye orodha, amwombe kwa upole aiweke hivyo hivyo ndani ya faili. Karani anaweza kukushauri, lakini mamlaka ya kukataa maombi hana.