Re: Posti ya mwaka mmoja wa mama

"Jumamosi mama anatimiza mwaka tangu aondoke. Nataka kuposti ila sijui niseme mpaka wapi, na ile picha ya wodini niiweke?"

Pole sana dada. Ya wodini baki nayo kwenye simu yako, mama mwenyewe hakupata nafasi ya kusema isionekane. Mimi posti ya baba niliandika yote, ugonjwa, usiku wa mwisho, mpaka alivyokuwa anaomba maji na sisi tumekatazwa kumpa, na mdogo wangu hakuwepo usiku ule, hiyo ya maji akaisomea kazini kama watu baki tu, akanipigia analia hata haongei. Nikafuta lakini watu walishapiga skrinishoti.

Kwahiyo yale mliyoyaona nyie wa chumbani tu, waulize ndugu zako kwanza, watumie maandishi leo sio Jumamosi asubuhi, na mmoja akisema hiki hapana kitoe bila kubishana. Ugonjwa pia, kama hakuwa anautaja akiwa hai usiutaje. Andika kitu kimoja chake, mfano alivyokuwa anakuita ukichelewa kurudi, hicho kinatosha kabisa. Na weka Friends, usiache Public.