Uhalisia hakiki na swali la "kwa nini"

> "Msimamizi ananiuliza kwa nini nadai dhamana ya kikundi *inasababisha* watu kulipa mikopo, ilhali nimefanya mahojiano tu. Nijitetee vipi?"

Ndugu, simama kwenye uhalisia hakiki wa mwanafalsafa Roy Bhaskar. Mpositivisti, anayeamini kinachoonekana na kupimika tu, atakudai uhusiano unaojirudia kila mahali, na mkonstraktivisti, anayeona uhalisia wa kijamii kuwa umejengwa na watu wenyewe, atakuambia umepata tafsiri za wanakikundi tu. Bhaskar anakubali kwamba maarifa yetu yanatengenezwa na jamii, lakini anashikilia kwamba mifumo inayozalisha matukio ipo hata tusipoiona. Kusababisha, kwake, ni kuwa na uwezo wa kuzalisha tokeo, na uwezo huo unaweza kuzuiwa na mazingira. Kwa hiyo kikundi cha wapangaji wanaohamahama kikishindwa kulipa, hoja yako haijafa. Eleza ni nini kilichozuia.

Kazi ngumu ni kurudi nyuma kutoka kwenye tukio: ni nini lazima kiwepo ili watu walipe hivi? Tuseme unadhani ni aibu mbele ya majirani. Maelezo pinzani ni hofu ya kukosa mkopo ujao. Sasa watafute wasiotaka tena kukopa. Wakiendelea kulipa, tena wakikimbilia kulipa kabla ya kikao ambacho majina ya wadaiwa husomwa, aibu inapata nguvu. Wakiacha, hofu ndiyo inayoeleza vizuri zaidi.

Usipotaja maelezo pinzani, msimamizi atakubana kwa haki kabisa, maana mfumo uliobuniwa baada ya matokeo hueleza chochote. Na usidai ukubwa wa athari. Mahojiano yako hayapimi hilo.