Mdogo wangu, kabla hujatoa hela ya faundesheni

Dada, muuzaji alinipaka faundesheni mgongoni mwa mkono akasema, "Hii hapa ndiyo namba ya rangi yako." Nimwamini?

Usimwamini, mdogo wangu, hata kama ni mkarimu. Mgongo wa mkono hupigwa na jua kila siku, huoshwa kwa sabuni mara nyingi, na kwa watu wengi rangi yake haifanani na ya uso. Wauzaji wanaupenda kwa sababu uko karibu na haumlazimu mteja kufuta alichokipaka usoni. Mwambie akupake kwenye taya, mstari uanzie pembeni mwa shavu ushuke hadi mwanzo wa shingo. Hapo ndipo watu huona mpaka, uso ukiwa na rangi yake na shingo yake.

Nenda dukani ukiwa umenawa uso na kupaka losheni yako ya kila siku tu, bila poda. Chagua namba tatu, ile unayodhani ni yako, moja iliyokoza zaidi na moja iliyofifia kidogo, upakwe mistari mitatu myembamba iliyo sambamba. Usisugue, bonyeza kwa kidole safi mpaka mstari utulie kwenye ngozi. Kisha toka nje. Taa za dukani, hasa zile nyeupe zilizozungushwa kwenye kioo, hufanya karibu kila namba ionekane inafaa. Simama kivulini mlangoni, si kwenye jua kali la saa sita, ujitazame kwenye kioo kidogo. Namba yako ni ile ambayo mstari wake unautafuta huuoni.

Wewe ni maji ya kunde iliyokoza, na shingo yako ina unjano. Kwa hiyo tarajia kuona hivi: mstari mmoja utakaa juu ya ngozi kama umepakwa majivu, maana una weupe mwingi kuliko unavyohitaji. Mwingine unaweza kuwa na kiwango sahihi cha weusi lakini ukaelekea kwenye wekundu wa tofali, na huo muuzaji atakwambia umepatia kwa sababu haujakupausha. Usikubali. Kiwango cha weusi ni jambo moja, na rangi iliyo chini yake, njano, nyekundu au iliyo katikati, ni jambo jingine. Kampuni nyingi huandika W kwa zenye unjano, C kwa zenye wekundu na N kwa zilizo katikati, lakini wengine wanazipanga kivyao. Namba ya kampuni moja haina maana yoyote kwenye chupa ya kampuni nyingine, kwa hiyo usimwambie muuzaji namba ya rafiki yako.

Ukishatoka nje usirudi ndani mara moja kulipa. Zunguka, kanunue mahitaji mengine, kunywa maji, upe mistari hiyo nusu saa au zaidi. Faundesheni hubadilika ikikaa: maji na vimiminika vyepesi vilivyomo hukauka, mafuta ya ngozi yako huingia kwenye unga wa rangi, na kilichobaki hukoza au huelekea kwenye rangi ya chungwa. Ndiyo maana mtu huondoka nyumbani yuko sawa na saa nane mchana uso umekuwa wa mtu mwingine. Dar na joto lake huharakisha jambo hilo. Mstari uliokuwa mzuri dakika ya kwanza na umekoza baada ya nusu saa, chukua namba iliyofifia kidogo kuliko huo, na hiyo pia uijaribu kwa muda uleule.

Anasema nichukue iliyo nyeupe kidogo kuliko mimi, eti itanitoa, na ya rangi yangu itanififisha. Ni kweli?

Hapana, na hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu nalikuta kazini karibu kila msimu wa harusi. Bibi harusi mmoja alikuja na chupa yake mwenyewe aliyouziwa kwa maneno hayohayo. Nilimpaka upande mmoja wa uso kama alivyotaka, upande wa pili nikampaka iliyofanana na shingo yake, tukatoka uani na simu. Upande wa kwanza ulikuwa wa kijivu kabisa kwenye picha, na mashimo ya vipele vyake vya zamani yalionekana zaidi, maana kila pale ngozi yenye weusi ilipojitokeza kati ya rangi nyepesi palikuwa na alama. Hakuhitaji maelezo zaidi, aliomba niufute upande ule.

Sababu yake iko kwenye unga wenyewe. Rangi za faundesheni hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa aina nne hivi: nyeupe, njano, nyekundu na nyeusi. Ukigeuza boksi, utaona nyeupe imeandikwa CI 77891, na nyekundu, njano na nyeusi zimeandikwa CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Ngozi yetu ina njano na wekundu mwingi chini ya weusi. Iliyotengenezwa kwa weupe mwingi, au ile iliyotiwa weusi tu ili ifike namba ya mtu mweusi bila njano na wekundu wa kutosha, hutoa kijivu. Hakuna kiasi cha kusugua kitakachoitoa hiyo rangi, kwa hiyo usikubali maneno ya "itaingia ikikaa."

Kwa miaka mingi kampuni nyingi zilitoa namba nyingi za weupe na mbili tatu tu za weusi, na wauzaji walijifunza kuuza kilichopo. Mambo yamebadilika tangu 2017, Fenty Beauty ya Rihanna ilipotoka na namba 40 kwa pamoja na kampuni nyingine zikafuata. Duka likikwambia iliyokoza imeisha, au haiji kabisa, jibu ni kwenda duka la pili. Si kukusukumia iliyopo.

Na kama chupa inaahidi kwamba itakung'arisha ngozi taratibu ukiendelea kuipaka, iache. Kazi ya faundesheni ni kufunika kwa siku moja na kufutwa usiku. Ahadi ya kukubadilisha ngozi inaielekeza kwenye mkorogo, na humo zebaki na haidrokwinoni ndizo zinazoharibu ngozi za watu. Zote mbili zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini Tanzania.

Uso wangu unatoa mafuta sana. Amesema bila praima, poda na spreyi haitanikaa hata saa moja. Ninunue vyote?

Poda tu, na ndogo. Anza na faundesheni isiyong'aa, ya maji badala ya mafuta, upake kidogo sana: nukta nne au tano usoni kote, anzia katikati na kusambaza kuelekea nje kwa sponji iliyolowekwa maji na kukamuliwa. Safu nene ndiyo inayokatika na kufanya mistari pembeni mwa pua, siyo kukosa praima. Kisha poda kidogo kwenye paji la uso, pua na kidevu.

Praima ina kazi yake, lakini ukiichanganya vibaya itakusumbua. Ukiweka praima ya silikoni chini ya faundesheni ya maji, mara nyingi huviringika vipande vidogo kama uchafu wa kifutio. Kwa mara ya kwanza usijitafutie shida hiyo. Tumia chupa yako wiki mbili hivi, ukiona inateleza mchana ndipo uongeze kitu kimoja, usiongeze vitatu kwa pamoja, maana hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekutoa vipele.

Nikikataa ananifuata mpaka mlangoni, ananiita mrembo, anashusha bei. Nimjibu vipi?

Ukiingia, sema mapema: "Shikamoo dada, leo najaribu tu, nitanunua nikishaiona nje." Ukilitamka kabla hajaanza, hatakuona umembadilikia baadaye. Na akianza kushusha bei, usiingie kwenye mjadala wa bei. Bei ikishuka kwa namba isiyo yako bado umenunua kitu ambacho hutakitumia. Mjibu: "Asante, bei siyo shida, nasubiri rangi itulie." Sema mara moja, kisha rudia vilevile bila kuongeza sababu, kwa kuwa kila sababu utakayotoa atakuwa na jibu lake.

Ujue pia kwa nini anaharakisha. Wengi wao hulipwa kwa mauzo, na ukutani utakuta karatasi: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Akishakukabidhi risiti kazi yake imeisha. Kwa hiyo usiruhusu akupake uso mzima kwa brashi yake, ni ya kila mteja tangu asubuhi, na ukishapakwa uso mzima utaona haya kuondoka. Nenda na pamba zako za masikio, mwambie achovye mpya kwenye testa, upake mistari yako mwenyewe. Vidonda vya mdomo na maambukizi ya macho huhama kwa brashi ya watu wengi.

Akikununia, basi. Mchukue rafiki yako asiye na pupa, asiyependa vipodozi ni bora zaidi, asimame nawe nje na kuutazama mstari.

Nitajuaje chupa yenyewe si feki?

Fungua boksi mbele yake. Namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi ifanane na ile ya kwenye chupa, na maandishi yasiwe na makosa wala kufutika ukisugua kwa kidole. Tafuta alama ya kopo lililo wazi yenye 12M au 6M, inayoonyesha miezi ya kuitumia tangu ufungue. Iliyokwishafunguliwa, au yenye harufu kali ya rangi ya kupaka ukuta, irudishe kwake. Ukishuku, ripoti TBS, shirika la viwango. Ndio wanaosimamia vipodozi tangu 2019, kazi iliyokuwa ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati ule.

Ukifika nyumbani, kabla ya uso, paka kidogo nyuma ya sikio, ukae siku moja au mbili. Ikiwasha au ikitoa vipele vidogo, usiiweke usoni hata kama rangi ni yako kabisa. Kama ngozi imetulia, nitumie picha uliyopiga kivulini bila filta, shingo ionekane, nikuambie kama tuongeze tone la iliyokoza.